Majani ya mstafeli: kilichoua seli kwenye kisahani kimo kwenye kikombe?

(Mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya watu wanaouguza ndugu zao wenye saratani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na maswali mawili ya wasikilizaji nimeyaacha mahali yalipoulizwa.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijaanza, naomba hii pakiti ipite mkono kwa mkono. Ni majani ya mstafeli. Nimeyanunua jana sokoni, pale wanapouza mlonge na mwarobaini. Ni makavu, yamejikunja, yameshakuwa na rangi ya ugoro. Na hili hapa ni jani bichi, nimelichuma nyumbani asubuhi hii. Lisugueni kidogo kwa vidole mnuse. Harufu ni kali, siyo ya mchaichai ile ya kukaribisha. Mti unaotoa harufu namna hiyo una kitu unachojilindia, na mazungumzo ya leo yote ni juu ya kitu hicho.

Kijana aliyeniuzia alinipa na maelezo. Chemsha majani 12, kunywa asubuhi na jioni, uvimbe utayeyuka. Kisha akaongeza maneno ambayo nina hakika nusu yenu mmeyapata kwenye simu: "Hii ni mara 10,000 ya kemo, mzee." Sikubishana naye. Kijana yule hakuitunga hiyo namba, ipo kweli kwenye maandishi ya wanasayansi. Ila ilipotoka huko mpaka kumfikia yeye imevuliwa nguo zake zote njiani. Mniruhusu niivike tena.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya mbegu za stafeli. Nasema mbegu, siyo majani. Walizisaga, wakazitoa viini vyake kwa kemikali, wakavitenganisha kimoja kimoja hadi wakapata dutu kadhaa za jamii inayoitwa asetojenini. Mojawapo waliijaribu kwa seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuwa zikikuzwa maabara. Seli hizo zina jina, HT-29, na zilitolewa kwa mgonjwa mmoja mwaka 1964. Tangu hapo zimekuwa zikigawanyika kwenye vyombo vya maabara duniani kote. Dutu ile iliziua kwa kiasi kidogo mno, kiasi kilichokuwa mara 10,000 chini ya kile kilichohitajika kwa dawa ya adriamaisini kufanya kazi ileile. Adriamaisini mnaijua, ni ile kemo wagonjwa wetu wanayoiita "dawa nyekundu". Lakini kwa seli za saratani za aina nyingine zilizojaribiwa pamoja nazo, nguvu ya namna hiyo haikuonekana.

Sasa, "mara 10,000" maana yake nini? Wapishi mtanielewa haraka. Pilipili kichaa moja kwenye sufuria inafanya kazi ya kikapu kizima cha hoho. Ukisema ni kali mara elfu ya hoho, umesema kweli. Lakini hujasema kwamba inashibisha mara elfu. Namba ile inapima ukali wa dutu moja safi, kwa aina moja ya seli, kwenye kisahani cha maabara. Haipimi kupona kwa mtu hata mmoja, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Kisahani chenyewe kina upendeleo wake. Seli zimelala chini, dutu inamiminwa juu yake moja kwa moja, nazo hazina pa kukimbilia. Hapana tumbo la kuikatalia njia, hapana ini la kuivunja, hapana damu lita tano za kuizimua. Na hapana ubongo jirani wa kuumia. Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu swali ambalo watu hawaulizi ni hili: dutu hiyo inaziua seli kwa njia gani?

Kila seli ya mwili ina vijumba vidogo ndani yake, vinaitwa mitokondria, na humo ndimo nishati inamotengenezwa. Kazi hiyo inapitia hatua kadhaa zilizopangana kama mashine kiwandani. Asetojenini inakwenda kwenye mashine ya kwanza kabisa na kuikwamisha. Seli inakosa nishati, inakufa. Seli ya saratani inayogawanyika kwa kasi inahitaji nishati nyingi, kwa hiyo inaumia. Hilo ni kweli na ndilo lililowavutia watafiti. Lakini ni seli gani nyingine ya mwili inayokula nishati bila kupumzika usiku na mchana? Seli ya neva. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unatumia karibu moja ya tano ya nishati ya mwili mzima ukiwa umekaa.

Wavuvi mliopo hapa mnaijua utupa. Unaponda majani, unayatia kwenye kidimbwi, samaki wanaelea juu wakiwa wamelegea. Ndani ya utupa mna dutu za jamii ya rotenoni, nazo zinakwamisha mashine ileile ya kwanza niliyoitaja. Rotenoni ndiyo hiyohiyo wanasayansi wanayoitumia kuwatia panya wa maabara ugonjwa unaofanana na Pakinsoni, ule wa kutetemeka na kukakamaa, ili wauchunguze. Asetojenini iliyo nyingi zaidi kwenye mstafeli inaitwa anonasini, na ilipojaribiwa kwa seli za neva kwenye kisahani haikuwa nyuma ya rotenoni kwa ukali. Kwa hiyo anayekuambia majani haya yanaijua seli ya saratani na kuiacha salama seli nzima, mwulize: yanaitambuaje? Mashine ile iko kwa zote mbili.

Haya si mawazo ya maabara matupu. Yana kisiwa chake.

Kuna kisiwa cha Karibi kinaitwa Gwadelupe, kiko chini ya Ufaransa. Stafeli kwao ni kama hapa kwetu, inaliwa, inatengenezwa juisi, na majani yanachemshwa yanywewe jioni ili mtu apate usingizi. Miaka ya 1990 daktari wa mishipa ya fahamu, Dominique Caparros-Lefebvre, alianza kushangazwa na wagonjwa wake. Walikuja kama wenye Pakinsoni, wamekakamaa, wanatembea taratibu, ila hawakuwa wakifanana na wagonjwa wa Ulaya. Mwaka 1999 yeye na mwenzake walichapisha hesabu yao katika jarida la Lancet. Kati ya wagonjwa 87 waliofuatana, 22 tu walikuwa na Pakinsoni ya kawaida. Wengine 31 walikuwa na ugonjwa ambao kwingineko ni nadra sana, na wengi wa waliobaki walikuwa na hali isiyoingia kwenye kundi lolote vizuri. Walipowauliza wanakula nini na kunywa nini, stafeli na chai ya majani yake vikawa vinajirudia kuliko kwa watu wasio na magonjwa hayo.

Huo ugonjwa wa wale 31 nauelezea kwa sababu unaweza kupita nyumbani kwako usiujue. Mtu anaanza kuanguka, na mara nyingi anaangukia nyuma, mapema kabisa katika ugonjwa. Macho yanashindwa kushuka chini: anajikwaa kwenye ngazi, anamwaga chakula kifuani kwa kuwa haoni sahani iliyo chini ya kidevu, na ukimwambia tazama miguu yako anainamisha kichwa kizima. Shingo imekakamaa. Kutetemeka mikono, ambako ndiko tunakokujua kwa Pakinsoni, mara nyingi hakupo. Na vidonge vya levodopa, vinavyomsaidia mwenye Pakinsoni ya kawaida, kwake vinasaidia kidogo au havisaidii kitu.

Wagonjwa kula stafeli peke yake si ushahidi kwamba stafeli ndiyo iliyowaponza, kwani kisiwani karibu kila mtu anaila. Ndiyo maana watafiti walirudi maabara. Mwaka 2004 waliwawekea panya vipampu vidogo vya kuingiza anonasini kwenye mshipa wa damu kwa siku 28. Nishati ndani ya ubongo wao ilishuka kwa asilimia 44, na seli za neva zikafa katika sehemu zilezile zinazoumia kwa wagonjwa wa Gwadelupe. Baadaye panya wengine walinyweshwa juisi ya stafeli mwaka mzima, kwa mdomo tu, na protini iitwayo tau ikaharibika kwenye bongo zao. Tau ndiyo inayorundikana kwenye ubongo wa mtu mwenye ule ugonjwa wa kuanguka.

Hapa bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele alininyoshea mkono. "Mwanangu, panya ni panya. Mimi nakunywa kikombe. Niambie kikombe changu kina nini."

Bibi, ahsante, ndiyo hesabu niliyokuja nayo.

Kundi lile la watafiti lilipima. Tunda moja la wastani lina kama miligramu 15 za anonasini. Kopo la nekta ya kiwandani walikuta miligramu 36. Kikombe cha chai ya majani kilikuwa na miligramu 0.14. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu anonasini ni kitu cha asili ya mafuta, haipendi maji. Unachemsha, maji yanageuka rangi, harufu inapanda, lakini sehemu kubwa ya dutu inabaki kwenye jani unalolitupa.

Tuchukue mtu wa kilo 60. Panya wale walipewa miligramu 3.8 kwa kila kilo kwa siku. Kwa uzito wa mtu huyo ni miligramu 228 kwa siku, na kwa siku 28 inazidi gramu 6 kidogo. Anayekula tunda zima kila siku anafikisha gramu 5 na nusu kwa mwaka. Ndiyo maana watafiti walishtuka: mla stafeli wa kila siku anaingiza mdomoni kwa mwaka kiasi kinachokaribia kile kilichoharibu bongo za panya. Bibi yangu wa vikombe viwili kwa siku, kwa mwaka mzima anafikisha moja ya kumi ya gramu. Tena panya aliingiziwa kwenye damu. Kwa njia ya mdomo, ilipopimwa kwa panya, iliyofika kwenye damu ilikuwa kama asilimia 3 tu ya iliyomezwa.

Nimeona wengine mmetabasamu. Mmeona kikombe kina salama. Subirini, hesabu hiyohiyo inakata upande wa pili. Chukua ile miligramu 0.14, toa asilimia 3 yake: unabaki na maikrogramu 4 na kitu, zikatawanyike kwenye kilo 60 za mwili. Hizo ndizo zitakazoufikia uvimbe ulioko kwenye titi au kwenye shingo ya kizazi na kuufanyia kile zilichofanyiwa seli za HT-29? Muuzaji anakuuzia ukali wa mbegu iliyokamuliwa maabara, halafu anakukabidhi maji ambayo dutu yenyewe haikutaka kuingia. Ukiongeza kipimo mpaka kitoshe kuitisha saratani, umeongeza pia cha kuutisha ubongo. Sijaona mtu aliyeonyesha nafasi iliyopo katikati ya vipimo hivyo viwili.

Na kinachonikosesha usingizi siku hizi si chai. Ni unga. Wanayasaga majani makavu, wanawapa wagonjwa kijiko cha chakula kwenye uji, au wanajaza kwenye vidonge vya kapsuli. Wengine wanaloweka kwenye spiriti. Hapo jani halitupwi tena, linamezwa lote, na spiriti inaitoa anonasini vizuri kuliko maji. Zile hesabu za kikombe hazimlindi mtu wa unga. Mgonjwa mwenyewe ataniambia, "natumia mstafeli", neno moja, kumbe kati ya mtu wa chai na mtu wa unga pana safari ndefu.

Hata chai siwezi kuisafisha kabisa. Mna dutu nyingine ndani ya majani, alkaloidi, ambazo zenyewe zinayeyuka kwenye maji na zimeonyesha madhara kwa seli za neva kwenye kisahani, ingawa kwa kiasi kikubwa zaidi. Pia majani haya yanaweza kushusha presha na sukari. Mgonjwa anayemeza vidonge vya presha au kisukari, akaongeza na haya, anaweza kusimama kutoka kitandani akaona giza.

Nisiwafiche na upande wa pili. Taasisi ya Ufaransa ya usalama wa chakula ilipitia ushahidi huu mwaka 2010 ikasema haiwezi kuthibitisha kwamba wagonjwa wa Gwadelupe waliugua kwa sababu ya stafeli. Walikuwa sahihi kusema hivyo kwa ushahidi uliokuwepo. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti mwingine wa wagonjwa 180 wa visiwa vya Karibi ambao tayari walikuwa na magonjwa ya jamii ya Pakinsoni: waliotumia matunda na chai za jamii hii ya mimea walikuwa na hali mbaya zaidi na akili iliyodhoofika zaidi. Kwa hiyo kama nyumbani mna mzee aliyeanza kutetemeka, kukakamaa au kusahau, mimi nisingemwachia hata kikombe.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza: "Daktari, lakini kuna watu waliopona. Tumesoma."

Mwalimu, mimi ni mfamasia tu, udaktari umenipa wewe. Kisa kinachozunguka zaidi nakijua. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walimwandika mama mmoja mwenye saratani ya titi iliyosambaa. Alikuwa akichemsha majani 10 hadi 12 makavu kila siku, na ugonjwa wake ulitulia kwa miaka mitano. Ni kweli. Ila soma mpaka kichwa cha habari chenyewe: alikuwa akitumia pia Xeloda, kidonge cha kemo. Wakati wa kutumiwa kwenye simu Xeloda imefutwa, majani yamebaki. Pia hakupona, alitulia. Mtu mmoja, dawa mbili. Huwezi kujua ipi ilifanya kazi.

Indonesia walifanya jaribio dogo la wagonjwa wapatao 30 wa saratani ya utumbo, kwa wiki 8, baadhi wakipewa kapsuli za majani. Walichopima ni kuchukua maji ya damu ya mgonjwa na kuyamimina kwenye seli za saratani, kwenye kisahani. Mwalimu, mmeona? Tumezunguka tumerudi kwenye kisahani. Kama wagonjwa waliishi zaidi, au uvimbe ulipungua, hilo halikupimwa.

Sasa niwaambie la kwangu, maana nisingependa mdhani nimekuja kuwasuta. Mti ule nilikochuma jani hili uko uani kwangu. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu wa Pangani alinipigia, akasema, "Baba, nitumie majani ya mstafeli, nasikia yanasaidia usingizi." Nilimjazia mfuko, nikaupakia kwenye basi. Sikumwuliza kitu. Nilijisemea, majani tu. Miezi saba nilimtumia, mfuko baada ya mfuko. Kumbe alikuwa na uvimbe kwenye titi, mwanzoni kama punje ya korosho, na aliona haya kuniambia kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake. Siku binti yake aliponiita, ngozi ya titi ilikuwa imeshakuwa kama ganda la chungwa, ina vishimo, na kwapani kuna tezi. Anayefanya kazi hospitali akiona ngozi ile anajua ugonjwa umeshatoka mahali pake. Korosho ile ilikuwa ya kukatwa. Kama majani yalimdhuru ubongo sijui, hakuishi vya kutosha kujua. Kilichomdhuru ni miezi saba, na miezi hiyo nilimsaidia kuipoteza.

Kwa hiyo simwambii mtu "acha" kisha nikaondoka. Nikikutana na mgonjwa anayetumia, namwomba aje na pakiti yenyewe. Tunamwaga mezani, tunahesabu: majani mangapi, chai au unga, kijiko cha aina gani, tangu mwezi gani, mara ngapi kwa siku. Tunaandika kwenye karatasi, karatasi inakwenda kwa daktari wake wa saratani pamoja na orodha ya vidonge. Karatasi inaanza na swali moja ambalo mimi sikumwuliza shangazi: unayanywa kwa ajili ya nini?

Na tunda, kabla hamjaniuliza nikiwa mlangoni? Stafeli ya mara moja moja, msimu wake ukifika, mimi nakula. Mbegu natema. Juisi ya kila siku mwaka mzima siifanyi, na mama yangu aliyeanza kusahau majina ya wajukuu nimeshamwondolea kabisa.

Pakiti yangu iko wapi? Mama wa mtandio wa kijani, naona imeishia kwako. Rudisha tu, mama. Au kaa nayo, tukitoka tuihesabu pamoja.